Kuoa Mwenye Mtoto: Mafunzo kutoka Nyumba ya Bi Ummu Salama

Mawaidha ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, yaliyotolewa kabla ya futari, mtaa wa Phillips, Minneapolis

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Amma baad. Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida huletwa kwetu likiwa limekwisha kuharibika. Katika jamii yetu ya hapa wamo wajane, wamo walioachwa, na wamo wanaume waliobaki na watoto baada ya kufiwa au kutengana na wake zao. Watu hawa wana haki ya kuoa na kuolewa, na dini yetu haikuwafungia mlango. Lakini mara nyingi, miezi michache baada ya nikahi, bwana huja akasema, "Mtoto hanitaki." Mama naye husema, "Nimewekwa kati ya mume wangu na mwanangu." Ukiuliza mambo yalivyoanza, utakuta kwamba posa ilipangwa vizuri, mahari yalipangwa vizuri, na karamu ilipangwa vizuri. Mtoto hakupangiwa chochote.

Neno letu la leo ni moja, na yote tutakayosema yanalirudia. Nikahi hufungwa kwa muda mfupi, kwa walii, mashahidi, na maneno ya kukubali. Lakini mtoto hakutamka neno la kukubali. Yeye huendewa peke yake, kwa mwendo wake, na mwendo huo ni wa polepole kuliko wa mama yake.

Tuanze na nyumba iliyo mfano kwetu. Abu Salama (R.A.) alijeruhiwa katika vita vya Uhud, na jeraha hilo ndilo lililomfikisha mautini mwaka wa 4 Hijria. Akamwacha mkewe, Bi Ummu Salama (R.A.), na watoto wadogo. Eda yake ilipokwisha, Mtume (S.A.W.) alipeleka posa. Mama yule hakukimbilia kukubali. Alitaja mambo yaliyomzuia, na miongoni mwake alitaja wivu wake na watoto wake. Yaani, kabla ya kusema ndiyo, aliwaweka watoto mezani. Na Mtume (S.A.W.) hakuliona jambo hilo kuwa usumbufu. Alimjibu kwa namna iliyomwonyesha kwamba watoto wale hawataachwa nje ya ndoa hii.

Ndugu zetu, hapa pana funzo la kwanza kwa wanawake na wanaume pia. Mama asimfiche mtoto wake wakati wa posa, wala asimtaje kwa sauti ya kuomba radhi. Na mposaji akisikia habari ya mtoto, asijibu tu kwamba hakuna tabu. Aulize. Mtoto ana miaka mingapi? Baba yake yu hai? Wanaonana lini? Nani humpeleka shule? Ana maradhi gani, na anaogopa nini? Mwanamume asiyetaka kujua majibu ya maswali haya anamtaka mke asiye na mtoto, na mke huyo siye aliyemposa.

Baada ya nikahi, imepokewa kwamba binti mdogo wa Bi Ummu Salama, Zaynab, alikuwa bado ananyonya. Mtume (S.A.W.) alikuwa akija akamkuta mtoto yuko mapajani mwa mama yake, naye akirudi zake kwa staha. Likatokea hivyo zaidi ya mara moja, mpaka Sahaba Ammar bin Yasir akatambua, akamchukua mtoto ili anyonyeshwe kwingine. Mtume (S.A.W.) alipokuja tena, alimuulizia mtoto kwa jina la kudekeza, akataka kujua yuko wapi. Tazameni mambo mawili. Hakuamrisha mtoto aondolewe, alisubiri. Na alipoona hayupo, alimuulizia kwa jina la mapenzi. Mume mpya aingiaye na kuuliza kwanza, "Mtoto yuko wapi leo?" amekwisha kumwambia mama na mwana kwamba hakuja kuwatenganisha.

Kisha yuko kaka yake Zaynab, Umar bin Abi Salama. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume (S.A.W.), na wakati wa kula mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume (S.A.W.) akamwita kwa upole kama aitwavyo kijana, akamfundisha mambo matatu mafupi: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar anasema kwamba tangu siku hiyo hakuacha kula hivyo.

Hadithi hii tunaifundisha watoto kama adabu ya kula, na ni sawa. Lakini iangalieni pia kama hadithi ya baba mlezi na mtoto wa mkewe. Maneno yalikuwa machache. Kosa halikuitwa kosa. Na muhimu zaidi, wote wawili walikuwa wanakula sahani moja. Yule mtoto alikuwa amekwisha kukaribishwa penye chakula kabla ya kusahihishwa penye chakula. Wataalamu wa familia za namna hii katika nchi hii, kama Bibi Patricia Papernow, ambaye amewashughulikia wazazi wa kambo kwa miaka mingi, nao husisitiza utaratibu huohuo: ukaribu utangulie, marekebisho yafuate, na mzazi wa kumzaa ndiye abaki mwenye kutoa adabu mwanzoni. Nao husema kwamba kazi hii huhesabiwa kwa miaka.

Sasa tutoe mfano wa hapa kwetu. Tumeuunganisha kutokana na visa vya nyumba kadhaa, ili asitambulike mtu.

Mama mmoja alikuwa na mwana wa miaka 9. Alifanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Baba wa mtoto alikaa Saint Paul, na mtoto alikwenda kwake kila Ijumaa jioni akarudi Jumapili. Akatokea ndugu yetu mwema akamposa. Mazungumzo yalikwenda kwa utaratibu, kaka wa mama akihusishwa kwa simu kutoka Mombasa. Katika miezi minne ya mazungumzo hayo mtoto hakuambiwa lolote, na hilo lilikuwa sahihi. Posa nyingi huvunjika. Kila mara mtoto akitambulishwa kwa mtu anayetoweka, hujifunza kutomwamini anayefuata.

Walipokuwa na azma ya kweli, wakapanga mkutano wa kwanza katika soko la Midtown Global Market, pale barabara ya Lake, mchana, khalati wa mtoto akiwepo. Ulikuwa mkutano wa saa moja tu. Bwana hakuleta zawadi kubwa, na alifanya vizuri, kwa sababu zawadi kubwa ya siku ya kwanza humtia mtoto deni asilolitaka. Alimuuliza mtoto anapenda kula nini, wakala, wakaagana. Hawakumfanya mtoto kuwa mlinzi wao wala mjumbe wao. Mikutano iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, mifupi na ya hadharani. Mmoja ulikuwa bustani ya Powderhorn, kuteleza juu ya theluji.

Kisha mama akamwambia mwanawe habari ya ndoa, wakiwa wawili tu nyumbani, bwana hayupo. Hili nalo ni sahihi, kwa sababu mtoto anapaswa kupata nafasi ya kukasirika au kulia bila ya kutazamwa na mgeni. Na siku hiyohiyo akampigia simu baba wa mtoto akamweleza. Tunalisisitiza jambo hili, mama zetu. Baba mtu asisikie habari ya ndoa kutoka kinywani mwa mtoto. Akisikia hivyo, hasira yake ya kwanza itamwangukia mtoto, na mtoto atajifunza kwamba habari za nyumba moja ni hatari katika nyumba ya pili.

Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Kosa lilikuja baada ya nikahi, nalo lilitokana na nia njema. Wiki ya tatu, bwana alimwambia mtoto, "Kuanzia leo niite baba." Siku chache baadaye, mbele ya wageni, alimkuta akicheza na simu wakati wa Magharibi, akamnyang'anya na kumkaripia. Mtoto hakujibu. Wote wakadhani amesikia.

Tuone dalili zilizofuata, maana watoto wengi husema kwa vitendo wasiyoweza kuyasema kwa ulimi. Kila Jumapili jioni, akirudi kutoka kwa baba yake, alilalamika kuumwa tumbo. Akawa anachukua sahani yake kwenda kula chumbani. Akitaka kitu kwa bwana, alipitia kwa mama: "Mwambie anipishe." Bwana alikata shauri kwamba baba wa mtoto anamtia maneno. Alikuwa tayari kumpigia simu kugombana naye.

Alhamdulillahi, khalati alimuuliza mtoto kwanza, polepole, wakiwa wanatembea. Mtoto akasema jambo moja tu: "Nikimwita baba, baba yangu atahisi nimemwacha." Hakukuwa na fitina. Alikuwa mtoto anayelinda haki ya baba yake kwa njia pekee aliyoijua.

Ndugu zetu, na haki hiyo ameilinda Mwenyezi Mungu kabla yake. Katika Suratul Ahzab tumeamrishwa kuwaita watoto kwa majina ya baba zao. Wale watoto waliolelewa katika nyumba bora kuliko nyumba zote waliitwa nani mpaka mwisho wa maisha yao? Umar bin Abi Salama. Zaynab binti Abi Salama, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa wanawake wenye fikihi katika Madina. Na mama yao, akiwa mke wa Mtume na mama wa waumini, aliendelea kuitwa Ummu Salama, jina la mwanawe aliyezaa na mume wa kwanza. Jina la Abu Salama halikufutwa katika nyumba ile. Basi ni nani miongoni mwetu wa kuona jina la baba wa mtoto linampunguzia heshima?

Nyumba ile ikarekebisha mambo matatu. La kwanza ni jina. Bwana alimwita mtoto akamwambia, "Baba yako ni baba yako, hakuna atakayekaa mahali pake. Mimi niite Ami." Mtoto hakusema kitu, lakini tumbo la Jumapili likaanza kupungua.

La pili ni adabu. Sheria za nyumba zikawa za mama. Bwana hakunyamaza akiona kosa, bali alikumbusha: "Mama amesema simu ni baada ya kazi ya shule." Na usiku mama alipokwenda kazini, alisema mbele ya wote wawili, "Mpaka nitakaporudi, Ami ndiye mkubwa wa nyumba." Hivyo mamlaka ya bwana yalikuwa ni amana kutoka kwa mama, na mtoto aliona yametoka wapi.

La tatu ni kazi moja ya pamoja. Ilikuwa Ramadhani kama hii. Kila siku kabla ya adhana, bwana na mtoto walipanga futari: mmoja akihesabu tende, mwingine akikata matunda, na mwisho wakimimina uji vikombeni. Robo saa tu. Hawakukaa kutazamana na kuulizana habari za moyo, kwani mtoto wa kiume wa miaka 9 huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Na mama akabakisha saa yake na mwanawe kila wiki, wawili peke yao, ili mtoto asione kwamba kupata Ami ni kumpoteza mama.

Matunda hayakuja kwa haraka. Ilipita miezi mitano kabla mtoto kumletea bwana baiskeli yenye mnyororo uliotoka, bila ya kupitia kwa mama. Ramadhani ya pili, siku moja alimkasirikia bwana akapaza sauti, kisha baada ya nusu saa akarudi kupanga tende. Mama aliogopa. Sisi tulimwambia amshukuru Mola wake. Mtoto anayethubutu kukasirika mbele yako kisha akarudi, amekuamini. Wa kuogopewa ni yule aliyekaa kimya wiki ya tatu. Mpaka leo anamwita Ami, na hakuna anayemwomba zaidi.

Haya tumeyasema kwa mwanamume aliyeoa mwenye mtoto, lakini mwanamke aolewaye na mwenye watoto yamo humohumo. Bi Sauda (R.A.) aliingia katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) baada ya kufa Bi Khadija (R.A.), na humo walikuwamo mabinti waliofiwa na mama yao. Sisi Waswahili tumemfanya mama wa kambo kuwa mtu mbaya wa hadithi za watoto. Tumhurumie, tumpe muda uleule.

Tuseme sasa juu ya mtoto wa kike. Binti wa mkeo, ndoa ikishakamilika kwa kuingiliana, ni haramu kwako kumwoa daima, na unakuwa maharimu wake. Hukumu hiyo imo katika Suratun Nisaa. Kabla ya hapo wewe si maharimu. Lakini umaharimu hauondoi staha. Suratun Nur imefundisha hata walio ndani ya nyumba waombe idhini katika nyakati za faragha. Basi bisha hodi mlangoni pa binti, usimlazimishe kukumbatiwa wala kubusiwa mkono, na mambo ya mwili wake mwachie mama yake.

Na kwa akina mama, tuseme waziwazi. Mwanamume anayefanya haraka ya kubaki peke yake na mtoto, anayempa mtoto siri za kumficha mama, au anayekasirika akiulizwa habari za ndoa yake ya zamani, simamisha posa. Uliza imamu wa msikiti alikokuwa, uliza waliokaa naye. Na mtoto akisema jambo lililomtisha, asikizwe kwanza. Sifa ya mtu mzima haitangulii usalama wa mtoto.

Mwisho, tujue mipaka ya kisheria, maana wengi hukosea hapa. Baba wa kambo hawi walii wa binti katika ndoa yake, ila awakilishwe na walii. Nafaka ya mtoto inabaki juu ya baba yake. Ukitoa, ni hisani, na malipo yake ni kwa Mola wako. Mtoto wa kambo harithi, lakini unaweza kumwandikia wasia ndani ya theluthi. Na kwa sheria ya hapa Minnesota, kumwoa mama hakukupi mamlaka ya mzazi. Mkihitaji ushughulikie mambo ya mtoto mama akiwa safarini au kazini, mzazi anaweza kukukabidhi mamlaka hayo kwa hati iliyotiwa saini ipasavyo, kwa muda usiozidi mwaka 1, na kwa kawaida mzazi wa pili hupewa nakala ndani ya siku 30. Iandikeni mapema, kabla ya siku ya homa.

Kina mama wengine huficha ndoa wakihofia kunyang'anywa mtoto. Ni kweli kwamba katika fikihi ya madhehebu yetu ya Shafi, mama akiolewa na mtu asiye wa ukoo wa mtoto, haki yake ya kulea huingia katika mjadala. Lakini mahakama za hapa hutazama maslahi ya mtoto, na kuolewa peke yake hakumpokonyi mama malezi. Ndoa ya siri ndiyo humdhuru mtoto, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuambiwa aifiche.

Ndugu zetu, adhana imekaribia. Leo, mwenye mtoto wa mkewe au wa mumewe nyumbani, amkaribishe apange tende pamoja naye, wala asimfundishe chochote. Kesho vilevile.

Ewe Mola wetu, wape wajane wetu na walioachwa nyumba za utulivu. Watie upole waume na wake wanaolea watoto wasiowazaa, wahifadhi watoto wetu wasiwe na hofu katika nyumba yoyote kati ya nyumba zao mbili, na uzikubali saumu zetu. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.